Ujumbe wa sekunde mbili na nusu

Tamthilia za Kituruki zinazoonyeshwa Tanzania huingizwa sauti za Kiswahili, na mtazamaji hufuata kila neno bila taabu mpaka mhusika atoe barua mfukoni. Kamera inaisogelea karatasi, hakuna anayeisoma kwa sauti, kisha picha inahama. Kilichoandikwa kilikuwa ndiyo habari yenyewe, na aliyeketi sebuleni ameikosa.

Kazi ya kuziba pengo hilo ni ya mfasiri wa manukuu, yale maandishi ya chini ya picha. Mazungumzo humpa nafasi kidogo, kwa sababu watu huongea kwa zamu na kunyamaza. Barua, kibao cha mlangoni au ujumbe wa simu hukaa kwenye skrini kwa muda alioupanga mhariri wa filamu tu, naye alimfikiria mtu anayeijua lugha ile.

Kwa hiyo mfasiri huanza na saa kabla ya maneno. Miongozo ya Netflix, ambayo wengi katika fani hii huifuata, inaweka kikomo cha herufi 42 kwa mstari na mistari miwili kwa wakati mmoja. Kwa lugha nyingi zinazotumia herufi za Kilatini, mtu mzima hukadiriwa kusoma herufi 17 kwa sekunde, nafasi na nukta zikihesabiwa humo. Manukuu hayapaswi kukaa chini ya sehemu tano za sita za sekunde, wala kuzidi sekunde saba.

Tuchukue mfano. Mke yuko jikoni, simu inaita mlio mfupi, tunaonyeshwa ujumbe wa mumewe kwa sekunde mbili na nusu. Ukiufasiri wote unapata: “Usinisubiri usiku huu. Nimepata dharura kazini na sitaweza kufika nyumbani hadi kesho asubuhi.” Ni Kiswahili safi, lakini ni herufi 94, na muda uliopo unatosha herufi 42 tu. Zaidi ya nusu lazima iondoke.

Kipi kiondoke? Jibu halimo kwenye ujumbe, limo mbele kwenye filamu, ndiyo maana mfasiri makini huitazama yote kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Tuseme baadaye mke anapiga simu kazini na kuambiwa mumewe aliondoka saa kumi. Basi “kazini” haliguswi, maana ndilo uongo utakaofichuka. “Kesho” nalo linabaki, kwa kuwa mume atatokea mlangoni usiku uleule. “Usiku huu”, “nyumbani” na “asubuhi” mtazamaji anazielewa kutokana na mandhari. “Sitaweza kufika hadi” inageuka kitenzi kimoja. Kwenye faili tunapata hivi:

```
214
00:31:08,000 --> 00:31:10,500
Dharura kazini. Usinisubiri, narudi kesho.
```

Herufi 42 kamili. Hapa Kiswahili kinamsaidia mfasiri: “usinisubiri” peke yake limebeba anayeambiwa, anayesubiriwa na katazo lenyewe. Anayekwepa nomino ndefu na kutegemea vitenzi hupata nafasi nyingi.

Sasa mtoto anaita “Mama!” kutoka chumbani wakati ujumbe bado unaonekana. Mimi ningeuacha mwito huo bila manukuu. Sauti ya mtoto anayemwita mama yake inaeleweka katika lugha yoyote, ila ujumbe haueleweki bila kufasiriwa. Angekuwa anauliza jambo la maana, tungelazimika kuugawa muda, au kuuacha ujumbe uendelee kidogo kwenye picha inayofuata, jambo ambalo si zuri, kwani maneno ya mume yatakuwa yanaelea chini ya uso wa mtu mwingine.

Vibao ni vifupi zaidi na huandikwa kwa herufi kubwa ili visichanganywe na mazungumzo. Hapo dawa ni kuandika kile ambacho watu wameshazoea kukiona ukutani. Onyo refu la mbwa getini huwa MBWA MKALI, na kwa filamu inayokwenda Kenya, MBWA KALI, kama mageti ya huko yanavyosema. Jina la duka lililo nyuma ya gari linalopita halifasiriwi kabisa, isipokuwa mtu atakuja kulitafuta duka hilo.

Mfasiri hawezi kujipima kwa macho yake, maana maneno anayajua tayari na atayasoma upesi kuliko mtu yeyote. Programu itamhesabia herufi, lakini haitamwambia kama maana imefika. Amwite mtu ambaye hajaiona filamu, amwonyeshe kipande kile mara moja kwa mwendo wake wa kawaida, kisha amuulize mume yuko wapi na atarudi lini. Akijibu moja tu, mstari bado ni mzito, na hapo la kwanza kukatwa ni “usinisubiri”.