Iodini iliyomo kwenye mlinganyo lakini haimo kwenye kasi

Kwenye kopo la glasi kuna maji ya rangi ya chai ya rangi, ile isiyotiwa maziwa. Mwanafunzi amebonyeza saa na macho hayabanduki. Rangi inapauka, inakuwa njano hafifu, kisha inatoweka kabisa na kuacha maji meupe. Saa inasimama kwenye sekunde 230.

Rangi ile ilikuwa ya iodini, na kilichoimaliza ni propanoni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la asetoni, kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha. Vitu hivi viwili vikikutana penye asidi, iodini huingia ndani ya molekuli ya propanoni na rangi yake hupotea. Wakemia huuandika mmenyuko huo hivi:

CH₃COCH₃ + I₂ → CH₃COCH₂I + HI

Mlinganyo huu unasema molekuli moja ya propanoni hutumia molekuli moja ya iodini. Hausemi lolote kuhusu kasi. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa kidato cha sita hupoteza alama: wanaona moja na moja kwenye mlinganyo, wanaandika kwamba kasi inategemea propanoni na iodini kwa usawa, na wanahamia swali linalofuata. Jibu hilo si sahihi, na jedwali dogo la majaribio manne linatosha kuonyesha kwa nini.

Kinachotafutwa kwenye swali la namna hii ni daraja la mmenyuko, ambalo walimu wengi huliita oda. Kwa lugha ya kawaida, daraja hujibu swali hili: ukiongeza ukolezi wa kitu kimoja mara mbili na kuacha vingine vilivyo, kasi itaongezeka mara ngapi? Kasi isipobadilika, daraja la kitu hicho ni sifuri. Ikiongezeka mara mbili, daraja ni moja. Ikiongezeka mara nne, daraja ni mbili, kwa sababu mbili mara mbili ni nne.

Majaribio yenyewe ni rahisi kuandaa. Kuna chupa tatu: propanoni yenye ukolezi wa moli 4 kwa lita, asidi haidrokloriki ya moli 1 kwa lita, na iodini ya moli 0.005 kwa lita. Katika jaribio la kwanza huchukuliwa mililita 5 za kila moja, kisha huongezwa mililita 10 za maji ili jumla iwe mililita 25. Maji hayo yana kazi. Katika majaribio mengine, kimojawapo kinapoongezwa hadi mililita 10, maji hupunguzwa hadi 5, na jumla inabaki 25 ileile. Anayesahau kupunguza maji hubadilisha ukolezi wa vitu vyote kwa mpigo, na jedwali lake haliwezi tena kumwambia ni kipi kilichobadilisha kasi.

Kasi hupatikana kwa kugawa ukolezi wa iodini ya mwanzo kwa sekunde zilizopita hadi rangi ikatoweka. Namba za jedwali hili zimeandaliwa kwa ajili ya makala haya, na zinalingana na mwenendo wa mmenyuko huu kwenye joto la nyuzi 25. Ukolezi ni wa moli kwa lita, na kasi ni ya mikromoli kwa lita kwa sekunde, yaani sehemu za milioni za moli.

| Jaribio | Propanoni | Asidi | Iodini | Sekunde | Kasi |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 0.80 | 0.20 | 0.0010 | 230 | 4.35 |
| 2 | 1.60 | 0.20 | 0.0010 | 116 | 8.62 |
| 3 | 0.80 | 0.40 | 0.0010 | 114 | 8.77 |
| 4 | 0.80 | 0.20 | 0.0020 | 465 | 4.30 |

Jedwali kama hili halisomwi mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Husomwa kwa jozi. Msomaji hutafuta majaribio mawili ambayo kitu kimoja tu kimebadilika, kisha hugawa kasi ya moja kwa kasi ya lingine.

Jaribio la 1 na la 2 ni jozi ya propanoni: asidi ni ileile, iodini ni ileile, propanoni imeongezeka mara mbili. Kasi ya 8.62 ikigawanywa kwa 4.35 inatoa 1.98. Maabara hazitoi namba kamili kama za kitabuni, 1.98 ni mbili iliyopitia mikono ya binadamu na saa yake. Kwa hiyo daraja la propanoni ni moja. Jozi ya 1 na 3 ni ya asidi, na 8.77 kwa 4.35 ni 2.02. Daraja la asidi nalo ni moja.

Inabaki jozi ya 1 na 4, na hii inastahili kutazamwa polepole. Iodini imeongezwa mara mbili. Muda nao umeongezeka mara mbili, kutoka sekunde 230 hadi 465, na mwanafunzi anayetazama safu ya sekunde peke yake huwa tayari kuandika kwamba iodini inapunguza kasi ya mmenyuko. Lakini safari hii kulikuwa na iodini maradufu ya kumaliza. Kazi mara mbili ikifanywa kwa muda mara mbili, kasi ni ileile: 4.30 kwa 4.35 ni 0.99, yaani moja.

Kosa la pili humsubiri hapohapo. Akiona jibu la kugawa ni moja, huandika daraja ni moja. Sivyo. Uwiano wa kasi ni namba mbili iliyopandishwa kwa kipeo cha daraja, na mbili kwa kipeo cha sifuri ndiyo inayotoa moja. Daraja la iodini ni sifuri. Kanuni ya kasi ya mmenyuko huu inaandikwa hivi, bila iodini:

kasi = k[CH₃COCH₃][H⁺]

Ajabu iko pande mbili. Iodini imo kwenye mlinganyo lakini haimo kwenye kanuni ya kasi. Asidi haimo kwenye mlinganyo, kwa kuwa ni kichocheo tu, lakini kwenye kanuni ya kasi imo.

Maelezo ya jambo hili yana zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1904 mkemia Mwingereza Arthur Lapworth alichapisha uchunguzi wake wa propanoni na bromini, ndugu wa iodini, akaonyesha kwamba wingi wa bromini hauna athari kwa kasi. Hoja yake ilikuwa kwamba mmenyuko huenda kwa hatua zaidi ya moja. Kwanza propanoni, ikisaidiwa na asidi, hujigeuza umbo na kuwa enoli, na hatua hiyo ni ya taratibu. Enoli ikishajitokeza, bromini huidaka mara moja.

Anayevuka kutoka Magogoni kwenda Kigamboni ataielewa hoja hiyo upesi. Idadi ya abiria wanaoondoka upande wa Kigamboni kwa saa inaamuliwa na pantoni. Bajaji zinazowasubiri ng'ambo zikiongezwa kutoka hamsini hadi mia, abiria hawatafika kwa wingi zaidi. Bajaji zitasubiri tu kwa foleni ndefu. Enoli ni abiria, iodini ni bajaji, na ile hatua ya taratibu ndiyo pantoni.

Isidhaniwe kwamba kila jedwali linatoa moja na sifuri. Nitrojeni monoksidi ikikutana na haidrojeni kwenye joto la nyuzi 1280, mlinganyo ni 2NO + 2H₂ → N₂ + 2H₂O. Katika jedwali linalotumika sana kwenye vitabu vya kemia, monoksidi inapandishwa kutoka moli 0.0050 hadi 0.010 kwa lita huku haidrojeni ikiachwa palepale, na kasi inaruka kutoka mikromoli 12.5 hadi 50. Hiyo ni mara nne, kwa hiyo daraja ni mbili. Haidrojeni ikiongezwa mara mbili, kasi inaongezeka mara mbili tu, na daraja lake ni moja. Namba 2 imekaa mbele ya vyote viwili kwenye mlinganyo, lakini daraja zao hazifanani.

Mtunga mtihani mkali anaweza pia kuongeza ukolezi mara 1.5 badala ya mara mbili. Kasi ikipanda mara 2.25, jicho halioni jibu upesi. Hapo hugawanywa logi ya 2.25 kwa logi ya 1.5, na jibu ni 2.

Njia hii ina masharti yake. Neno "mwanzo" katika ukolezi wa mwanzo lina uzito, kwa sababu mmenyuko ukiendelea vitu hupungua na kasi hubadilika. Jaribio la propanoni limekwepa tatizo hilo kwa hesabu nzuri: iodini inapokwisha katika jaribio la kwanza, propanoni iliyotumika ni moja tu katika kila sehemu 800. Mmenyuko huzalisha asidi yake pia, lakini ni 0.0010 mbele ya 0.20 iliyokuwepo. Kwa hiyo kasi hubaki karibu ileile hadi rangi inapotoweka.

Adui mkubwa ni joto. Kwa mmenyuko huu, nyuzi 10 zaidi huongeza kasi karibu mara tatu. Jaribio la kwanza likifanywa asubuhi na la nne mchana kwenye maabara ya bati, tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya jua na si ya iodini. Dalili yake ni uwiano usiokaribia namba yoyote kamili, kama 1.4 au 2.7. Kabla ya kutafuta daraja la nusu, mwanafunzi arudie jaribio huku kopo likiwa kwenye beseni la maji yenye joto lisilobadilika.

Daraja zikishajulikana, kinachobaki ni k. Kasi ya kila jaribio hugawanywa kwa zao la propanoni na asidi. Majaribio manne yanatoa 27.2, 26.9, 27.4 na 26.9, wastani 27.1. Namba hizo kukaribiana ndiyo hakikisho la mwisho kwamba daraja ni sahihi. Kama mtu angeing'ang'aniza iodini iwemo kwa daraja la moja, k ya jaribio la nne ingekuwa nusu ya k ya la kwanza, na kosa lingejionyesha lenyewe.

Anayetaka kuipima kanuni hii achukue mililita 7.5 za kila chupa na mililita 2.5 za maji. Ukolezi utakuwa 1.2, 0.30 na 0.0015. Avae miwani ya kinga, awe mbali na moto kwa sababu propanoni inawaka upesi, na afungue madirisha, kwani zao la mmenyuko huu huwasha macho hadi yakatoa machozi. Mchanganyiko huo haumo kwenye jedwali, lakini kanuni inatabiri kasi ya mikromoli 9.76. Kwenye nyuzi 25, rangi itatoweka karibu na sekunde ya 154.