Je, Wajua? Wino wa Lebo ya Bei Umo Ndani ya Karatasi

Chukua risiti yoyote uliyopewa leo, iwe ni ya duka la Kashaulili hapa Mpanda au ya kituo cha mafuta njiani kwenda Tabora. Ilaze mezani, upande wenye maandishi ukiwa juu, kisha pitisha ukucha mahali peupe kwa nguvu na kwa haraka. Nyuma ya ukucha utaona mstari wa kijivu, pengine mweusi kabisa. Hukutia wino wowote. Msuguano umezaa joto, na joto limeiamsha rangi iliyokuwa imelala humo tangu karatasi itoke kiwandani.

Printa ndogo ya lebo, ile inayokaa kando ya kaunta na kutoa stika za bei na bakodi, hufanya kazi hiyo hiyo ya ukucha, ila kwa ustadi mkubwa zaidi. Ndiyo maana haina katriji wala chupa ya wino. Mwenye duka hununua kitu kimoja tu, rola la lebo, na ndani ya rola hilo wino ameshaununua bila kujua.

Je, wajua rangi hiyo hujifichaje? Juu ya karatasi umepakwa utando mwembamba wenye punje za vitu viwili vilivyolala jirani. Kimoja ni rangi ambayo, ikiwa peke yake, haionekani. Cha pili ni asidi dhaifu. Vyote viwili ni vikavu, kwa hiyo vinaweza kukaa ubavu kwa ubavu miaka mingi bila kugusana kwa kweli. Kati yao huwekwa kitu cha tatu, mfano wa nta, ambacho huyeyuka mapema na kuwavuta wenzake wayeyuke pamoja naye. Joto likipanda hadi kiasi cha nyuzi 70 hadi 100 za selisiasi, kutegemea aina ya karatasi, mchanganyiko unayeyuka, asidi inaifikia rangi, umbo la molekuli yake linafunguka, na pale pale inakuwa nyeusi. Ikipoa inaganda hivyo hivyo. Kwa hiyo neno "kuchapa" halitoshi hapa. Printa haiweki kitu juu ya karatasi. Inaamua tu ni wapi pawe na joto na wapi pasiwe.

Kinacholeta joto hilo ni kichwa cha printa. Ukifungua kifuniko utaona ukingo mwembamba unaong'aa, umelala kukingama njia ya karatasi. Humo mmepangwa mstari wa vijipasha-joto vidogo mno, na katika printa nyingi za madukani viko 8 kwa kila milimita. Mashine za risiti nyembamba, zile za karatasi ya milimita 58, huwa navyo 384. Kila kimoja huwaka na kupoa peke yake. Lebo ikipita kwa mwendo wa milimita 100 kwa sekunde, kichwa hulazimika kuchora mistari 800 ndani ya sekunde hiyo moja, maana yake kila nukta hupewa muda usiozidi milisekunde 1.25 kuwaka na kuzima. Mvumbuzi anayetajwa kwa kichwa cha aina hii ni Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani, yule yule aliyepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2000 kwa mchango wake katika kuvumbua saketi unganishi, mama wa vifaa vyote vya kielektroniki tunavyobeba mfukoni.

Sasa tuone jambo linalowasumbua watu wengi wanaoanza kubandika bakodi zao wenyewe. Tuseme mfugaji nyuki wa Inyonga, wilayani Mlele, amepata namba yake ya bakodi na anataka kuiweka kwenye chupa za asali ya nusu kilo. Namba za tarakimu 13 zinazotolewa na ofisi ya GS1 ya Tanzania huanza na 620. (Wengi hudhani 620 maana yake bidhaa imetengenezwa Tanzania. Sivyo, inaonyesha tu kwamba namba imetolewa na ofisi ya Tanzania. Na bakodi anayojitungia mwenye duka kwa mchele aliopima mwenyewe, kwa matumizi ya ndani ya duka lake, huanza na 2.) Mfugaji wetu amenunua lebo za kawaida, upana milimita 40, kimo milimita 30. Zinapendeza kwenye chupa. Bakodi inatoka, macho yanaiona safi, lakini skana ya mnunuzi inakaa kimya.

Kosa limo kwenye hesabu. Bakodi ya tarakimu 13 imegawanywa katika vipande 95 vyenye upana sawa, na ile michirizi minene ni vipande viwili, vitatu au vinne vilivyoungana. Pembeni lazima kubaki peupe, vipande 11 kushoto na 7 kulia, ili skana ijue mahali pa kuanzia na kuishia. Jumla ni 113. Kila kipande kikipewa nukta 3 za kichwa, zinahitajika nukta 339. Lebo ya milimita 40, kwa nukta 8 kila milimita, ina nukta 320 tu. Haitoshi. Kila kipande kikipewa nukta 2, zinatosha nukta 226, yaani milimita 28 na ushee. Hapo inaingia, ila kipande kimoja sasa kina upana wa milimita 0.25, wakati kipimo cha chini cha GS1 kwa bidhaa za madukani ni milimita 0.264. Skana nyingi zitaisoma. Mnunuzi mkubwa anayefuata vipimo anaweza kuikataa.

Lakini kosa baya zaidi ni lile la katikati. Mtu anaona bakodi ya nukta 2 ni ndogo, anaishika pembeni kwa kipanya na kuivuta kidogo ijaze lebo. Programu inataka kila kipande kiwe nukta mbili na nusu, na nusu nukta haipo. Kijipasha-joto kinawaka au hakiwaki. Basi vipande vingine vinapata 2, vingine 3, bila mpangilio. Kwa macho yetu ni bakodi ile ile, tena kubwa na nzuri kuliko ya kwanza. Kwa skana, ambayo kazi yake yote ni kulinganisha unene wa michirizi, ni maneno yasiyosomeka. Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Ama achukue lebo ya milimita 50 na kuacha kila kipande kiwe nukta 3 kamili, ama atafute printa ya nukta 12 kwa milimita, ambayo kwa nukta 4 kila kipande itaiweka bakodi nzima ndani ya milimita 38 hivi, na lebo yake ya milimita 40 itamfaa.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo lakini chanzo chake ni tofauti. Ukiona mstari mweupe mwembamba unaokata lebo zote mahali pale pale, ukifuata njia ya karatasi, kijipasha-joto kimoja hakifikishi joto. Huenda kimefunikwa na gundi ya lebo au vumbi. Na vumbi la Mpanda wakati wa kiangazi mnalijua. Zima printa, iache ipoe, kisha futa ukingo ule kwa pamba au kitambaa laini chenye spiriti. Usikwangue kwa wembe, hata gundi ikiwa ngumu vipi, kwa sababu mkwaruzo mmoja unaua nukta moja kwa moja. Mstari ukibaki baada ya kusafisha, kijipasha-joto hicho kimekufa. Hata hapo kuna ujanja wa muda: geuza bakodi kwa robo duara, michirizi ikingame njia ya karatasi kama vidato vya ngazi. Mstari mweupe utaikata michirizi yote sehemu moja, na skana itaisoma kupitia sehemu iliyobaki nzima. Bakodi ikiwa imesimama wima kama uzio, mstari huo unaweza kuukondesha mchirizi kwa urefu wake wote.

Wapo wanaotibu lebo hafifu kwa kupandisha joto, ile namba ya `DENSITY` kwenye mipangilio, hadi mwisho. Maandishi yanakolea kweli, ila joto likizidi huvuka mipaka ya nukta, michirizi inanenepa, nafasi nyeupe zinabanwa, na kichwa kinachakaa upesi. Mimi ningepunguza mwendo kwanza. Nukta ikipata muda mrefu kidogo, hukolea bila kuunguzwa.

Kwa kuwa wino umo ndani ya karatasi, adui zake nao ni tofauti na wa wino wa kawaida. Jua la dirishani hufifisha maandishi na kuipa karatasi umanjano. Mafuta hufanya vibaya zaidi: muuzaji aliyetoka kupima mawese akishika lebo, mafuta hupenya utando, huitenganisha rangi na asidi, na bei inaanza kupotea. Nailoni laini za kufungia chakula zenye viambato vya kulainisha plastiki hufanya vivyo hivyo kimyakimya. Zipo lebo zenye utando wa ziada wa kinga juu. Namna rahisi ya kuzipima ni kuchapa lebo moja, kuipaka tone la mafuta ya kula, na kuitazama kesho yake asubuhi.

Kwa chupa ya asali itakayosafiri hadi Dar es Salaam na kukaa rafuni miezi, nisingetumia lebo ya aina hii kabisa. Kuna dada yake, printa ya utepe. Kichwa ni kile kile, lakini kati yake na lebo hupita utepe mweusi wa nta au utomvu, na joto huuyeyusha ukabaki juu ya karatasi ya kawaida. Hiyo inao wino, na unaununua kila mara. Lakini jua na mafuta haviuondoi upesi.

Karatasi ile ile ya joto ndiyo inayotoka kwenye mashine za EFD, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010. Mfanyabiashara hutakiwa kutunza kumbukumbu zake za kodi kwa miaka mitano, na risiti ya joto iliyosahaulika kwenye dashibodi ya gari au ndani ya bahasha ya plastiki inaweza isifike mwaka. Itoe nakala kwa fotokopi siku ile ile, uiweke pamoja na halisi mahali pakavu penye giza. Na usiipeleke steshenari kufanyiwa laminesheni kama cheti. Mashine ya laminesheni hubana kwa joto linalozidi nyuzi 100, na karatasi hii haijui tofauti ya joto la kichwa cha printa na joto la rola. Itaingia upande mmoja ikiwa na jina la duka, tarehe na kiasi ulicholipa, na kutokea upande wa pili ikiwa nyeusi tii.