Mpigo Uliokatika: Jinsi Chipu Inavyohama Saa Moja Kwenda Nyingine

Chipu ya STM32F103, ile iliyo kwenye vibao vya bluu ambavyo wanafunzi wengi wa elektroniki hujifunzia, haianzi kazi kwa mwendo wake kamili. Ikipewa umeme, huanza na saa ya ndani yenye mapigo milioni 8 kwa sekunde, yaani megahezi 8. Saa hiyo haitegemei kitu chochote cha nje, kwa hiyo iko tayari karibu papo hapo, ila usahihi wake ni wa wastani. Programu ndiyo huiwasha kristali iliyo kando ya chipu, ikasubiri itulie, kisha ikawasha sakiti inayozidisha mwendo wake mara tisa hadi megahezi 72. Hapo huandikwa namba ndogo katika rejista iitwayo `RCC_CFGR`, na chipu nzima inahama kutoka saa ya kwanza hadi ya pili bila kuzimwa.

Kuhama huko ndiko ninakotaka tukutazame kwa karibu, kwa sababu njia inayomjia mtu kwanza akilini ndiyo inayoharibu kazi.

Saa ya chipu si ile ya ukutani. Ni waya mmoja ambao volti yake inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Ndani ya chipu kuna maelfu ya flip-flopu, vijisakiti ambavyo kila kimoja hushika biti moja, sifuri au moja. Kila volti inapopanda, flip-flopu zote huchukua kwa pamoja kile kilicho mlangoni mwao. Kati ya mpando mmoja na unaofuata, mageti hufanya hesabu na kuandaa biti za hatua ijayo. Kwenye megahezi 72 nafasi hiyo ni takriban nanosekunde 14, nusu volti ikiwa juu, nusu ikiwa chini. Aliyebuni chipu amehakikisha kwamba hesabu ndefu kuliko zote inamalizika ndani ya muda huo. Hakuahidi kwamba itamalizika ndani ya nanosekunde tano.

Sasa tuna waya mbili za saa, A ya megahezi 8 na B ya megahezi 72, na tunataka moja tu ipite. Kifaa cha kawaida cha kazi hii ni maltipleksa, kichaguzi chenye milango miwili ya kuingilia, mmoja wa kutokea, na waya wa amri. Amri ikiwa sifuri inapita A, ikiwa moja inapita B. Kwa data ya kawaida kifaa hiki hakina tatizo, kwa sababu data ina muda wa kutulia kabla haijasomwa. Saa haina muda huo. Kila badiliko lake lina maana, hata likiwa la bahati mbaya.

Tufuate tukio moja. A imepanda sasa hivi, na flip-flopu zote zimechukua biti zao. Nanosekunde mbili baadaye, amri inageuka. Wakati huo B iko chini, na imebakiza nanosekunde tatu kabla ya kupanda. Maltipleksa inatii amri mara moja: volti iliyokuwa juu inashuka, inakaa chini kwa nanosekunde tatu, kisha inapanda tena na B. Kwa upande wa kutokea tumepata mpigo wa juu wa nanosekunde mbili, ilhali A peke yake ingekaa juu kwa nanosekunde 62, na B kwa takriban saba. Huo ndio mpigo uliokatika. Tena, mipando miwili imefuatana kwa tofauti ya nanosekunde tano tu, katika chipu inayohitaji karibu 14. Saa A ni nzima, saa B ni nzima, lakini kilichotoka si cha yeyote kati yao.

Lipo na jambo lisilotarajiwa zaidi. Hata amri ikigeuka wakati A na B zote ziko juu, maltipleksa iliyojengwa kwa mageti bado inaweza kutoa dosari. Hesabu yake ni hii: `out = (A & ~S) | (B & S)`. Alama `~S` ni amri iliyogeuzwa, na geti la kugeuza huchelewa kidogo. Amri ikitoka moja kwenda sifuri, njia ya B inafungwa kwanza, na njia ya A inafunguka punde baadaye. Katikati hapo hakuna njia iliyo wazi. Volti inadidimia chini na kurudi juu, na flip-flopu zinahesabu mpando ambao haupo katika saa yoyote.

Mpigo mfupi hivyo una madhara gani? Waya wa saa umetandazwa chipu nzima kama mti wenye matawi, na kila tawi lina uzito wake wa umeme. Mpigo mfupi unaweza kukosa hata muda wa kufika volti kamili. Flip-flopu nyingine zinauona, nyingine haziuoni, nyingine zinabaki zikisitasita kati ya sifuri na moja kabla ya kuangukia upande mmoja. Chukua kihesabio cha biti nne kilichofika saba, yaani `0111`. Hatua inayofuata ni nane, `1000`, na biti zote nne lazima zigeuke pamoja. Zile tatu za kulia zikiuona mpigo na ile ya kushoto isiuone, kihesabio kinaangukia `0000`. Kama kihesabio hicho ndicho kinachoonyesha amri ipi ya programu isomwe, chipu imeshapotea njia.

Ubaya ni kwamba haitokei kila mara. Saa mbili zisizo na uhusiano hukutana kila mara kwa namna tofauti, hivyo kifaa kinaweza kuhama salama mara nyingi kisha kikaganda siku moja bila sababu inayoonekana. Ukiweka oskiloskopu ya megahezi 100, yenyewe huchukua takriban nanosekunde 3.5 kuonyesha mpando, kwa hiyo mpigo wa nanosekunde mbili utaonekana kama kijivimbe tu, au usionekane kabisa. Oskiloskopu nyingi za kisasa zina mtego wa mipigo ya aina hii: unaweka viwango viwili vya volti, nayo inanasa mpigo unaovuka cha chini na kurudi bila kufika cha juu. Lakini kwanza saa ya ndani itolewe nje ya chipu. Kwenye STM32F103 kuna pini ya kazi hiyo, `MCO`. Kwenye chipu hii pia, kabla ya kuilaumu saa, angalia mpangilio wa kumbukumbu ya flashi. Kwa mwendo unaozidi megahezi 48 inahitaji kusubiriwa hatua mbili, na programu isiyoweka hivyo kabla ya kuhama huleta mgando unaofanana sana na huu.

Mtu akishaelewa hayo, dawa anayoifikia kwanza ni kuigeuza amri wakati A iko chini. Ni nusu ya dawa. Kweli mpigo wa A hautakatwa, lakini hatujui B iko wapi. Huenda iko juu na imebakiza nanosekunde moja. Hapo tutapata mkia wa mpigo wa B, na umekatika vilevile.

Dawa kamili huipa kila saa mlango wake na bawabu wake. Mlango ni geti la AND, na bawabu ni flip-flopu inayobadilika pale tu saa yake mwenyewe inaposhuka. Kwa lugha ya Verilog, kiini chake ni mistari mitatu:

```verilog
always @(negedge clkA) enA <= ~sel & ~enB;
always @(negedge clkB) enB <=  sel & ~enA;
assign out = (clkA & enA) | (clkB & enB);
```

Tazama `negedge`. Bawabu wa A hufunga mlango wakati A imeshashuka, kwa hiyo hakuna mpigo unaokatwa katikati. Bawabu wa B hufungua wakati B imeshashuka, kwa hiyo B ya kwanza kutoka itakuwa na mpigo mzima wa juu, na kabla yake volti itakuwa imekaa chini kwa angalau nusu nzima ya mzunguko wa B. Kisha tazama `~enA` katika mstari wa pili: B hairuhusiwi kufunguka mpaka A iwe imefungwa. Ni kama chenjiova ya jenereta nyumbani, ambayo huachia umeme wa gridi kwanza ndipo ishike wa jenereta, na haiwezi kushika zote mbili.

Limebaki tatizo la saa zisizo na uhusiano. Bawabu wa B anasoma habari iliyotoka upande wa A, na habari hiyo inaweza kubadilika wakati uleule anaposoma. Akisitasita, mlango unasitasita, na tumerudi tulikotoka. Kwa hiyo kila bawabu huwekewa flip-flopu nyingine mbele yake, inayosoma saa yake inapopanda. Ikisitasita, ina nusu ya mzunguko kutulia kabla bawabu hajaisoma. Umbo hili lenye flip-flopu mbili kila upande ndilo alilolieleza mhandisi Rafey Mahmud katika makala ya EE Times ya mwaka 2003, ambayo wabunifu wengi wa chipu wameisoma. Kwa saa ya kasi, nusu ya mzunguko ni nanosekunde saba tu, na mimi naona ni busara kuongeza flip-flopu ya tatu. Gharama yake ni ndogo mno.

Usalama huu unalipiwa kwa muda. Ukitoka kwenye kristali ndogo ya saa za mkononi, yenye mapigo 32,768 kwa sekunde, amri inaweza kusubiri mzunguko mmoja na nusu kabla mlango wa saa hiyo haujafungwa: takriban mikrosekunde 46. Ndiyo sababu programu ya STM32 haitakiwi kuandika amri na kuendelea kana kwamba imeshatekelezwa. Inasoma biti za `SWS` katika rejista ileile mpaka zionyeshe kwamba saa mpya ndiyo inayotumika.

Kuna hali moja ambayo sakiti hii nzuri hukwama yenyewe. Bawabu wa A hufunga A inaposhuka. Kristali ikivunjika, au risasi ya kulehemu ikiachia, A haishuki tena, bawabu hasogei, na B inasubiri ruhusa isiyokuja. Chipu inaganda ikiwa na saa nzima pembeni yake. Kwa hiyo panahitajika mlinzi anayeendeshwa na saa nyingine: akihesabu mizunguko kadhaa bila kuona A ikibadilika, anafuta `enA` kwa nguvu bila kungoja A. STM32 ina ulinzi wa namna hiyo kwa saa ya kristali. Ikikatika, chipu inarudishwa kwenye saa ya ndani na programu inapewa taarifa ya dharura. Katika FPGA za Xilinx, kichaguzi cha saa kiitwacho BUFGCTRL kina milango ya `IGNORE` inayokiruhusu kuhama bila kuingoja saa iliyokufa.

Mlinzi huyo lazima apimwe vizuri. Saa iliyokufa kabisa haina mpigo wa kukatwa. Kristali inayozimika na kurudi ndiyo ya hatari, kwa sababu inaweza kuzinduka nanosekunde ileile mlango wake unapofungwa kwa nguvu. Ndiyo maana, baada ya `enA` kufutwa hivyo, mlango haufai kufunguka wenyewe A inapoonekana tena. Ubaki umefungwa mpaka programu iombe upya, nayo iombe baada ya kuhakikisha kwamba kristali imetulia.