Moshi Mweusi na Lori Kukosa Nguvu Mlimani

Moshi mweusi wa lori la dizeli ni masizi: dizeli iliyoingia kwenye silinda ikakosa hewa ya kuiunguza yote. Ili lita moja ya dizeli iungue, inahitaji walau mita za ujazo 10 hivi za hewa, na ziada juu ya hapo ili isitoe moshi. Kwa hiyo lori linalotoa moshi huku likikosa nguvu lina mawili: hewa imepungua au dizeli imezidi. Mara nyingi ni hewa.

Kasoro hii hujificha kwenye tambarare. Dereva anapokanyaga mafuta, anachoongeza ni dizeli. Hewa huletwa na turbo, inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Gari likiwa tupu, dizeli inayohitajika ni kidogo na hewa hubaki, hata kama inavuja mahali. Lifike Mlima Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, likiwa na shehena ya saruji, na hesabu inabadilika. Pedali iko chini kabisa, pampu inatoa dizeli yote iwezayo, na turbo inatakiwa kuijaza injini hewa iliyobanwa hata mara mbili ya hewa ya nje au zaidi. Hapo tundu dogo linaonekana. Mwinuko nao una sehemu yake, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda hupunguza uzito wa hewa kwa karibu asilimia 10, lakini lori zima halitoi wingu jeusi kwa sababu hiyo peke yake.

Chukua semi la injini ya zamani ya pampu ya kawaida, lenye turbo na intakula, ile rejeta ya mbele inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Limetoka Dar es Salaam bila tatizo. Kitonga, resi zinashuka, dereva anarudisha gia moja baada ya nyingine, moshi unatanda nyuma, na chini ya kebini kunasikika mlio kama wa tairi linalotoa upepo. Mlio huo ndio unaoeleza mengi. Hosi ya mpira kati ya turbo na intakula imepasuka upande wa chini, karibu na klampu. Injini ikiwa sailensa mpasuko unajifunga, ndiyo maana fundi akikagua gereji haoni kitu. Shinikizo likipanda, unafunguka na hewa ya turbo inaishia nje.

Alama yake ni vumbi lililoganda kwa oili kuzunguka sehemu inayovuja. Hosi ivuliwe na ikunjwe kwa mikono, mpasuko utafumbuka. Isipoonekana, mfumo huzibwa upande wa turbo, ukatiwa upepo wa kompresa kwa kiasi kisichozidi shinikizo la kawaida la turbo, kisha maungio na intakula vikapakwa maji ya sabuni. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja.

Kabla ya hapo, hata hivyo, huangaliwa chujio la hewa, kwa kuwa ni kazi ya dakika chache. Malori mengi yana kiashiria kidogo kwenye bomba la hewa, ambacho hugeuka chekundu chujio linapoziba. Mpira kati ya chujio na turbo nao ukilainika unaweza kufyonzwa ukajibana injini inapovuta kwa nguvu.

Upande wa dizeli, kosa la kawaida ni kukimbilia kubadilisha chujio la dizeli. Chujio lililoziba huinyima injini dizeli, kwa hiyo gari hukosa nguvu bila moshi mweusi. Moshi huletwa na nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza, na dalili yake ni injini kugonga au kutoa moshi hata bila mzigo. Huletwa pia na pampu iliyofunguliwa ili “kuongeza nguvu”. Pampu nyingi za injini za turbo zina kidhibiti kinachosubiri shinikizo la turbo lipande kabla ya kuachia dizeli yote; kikichezewa, dizeli hutangulia hewa. Lakini kibomba chake chembamba kikikatika, gari hulegea bila moshi.

Kwenye injini za kisasa za kompyuta, hewa ikipungua kompyuta hupunguza dizeli yenyewe, hivyo hosi hiyo hiyo iliyopasuka inaweza kuleta ulegevu na taa kwenye dashibodi, moshi ukiwa haba. Kulegeza nati za bomba za nozeli ili kutafuta silinda mbovu, desturi ya pampu za zamani, hakufai kabisa huko: dizeli ya shinikizo la bar zaidi ya 1,000 hupenya ngozi.

Dereva aliyekwama katikati ya mlima apunguze gia na kuachia pedali hadi moshi upungue. Dizeli ya ziada haiongezi nguvu, bali hupandisha joto la ekzosi, na joto hilo likiendelea linaweza kuharibu turbo na pistoni.