Sugu na Magaga: Ngozi Nene Inapoficha Kidonda

Katika mashamba ya mpunga ya Chita, chini ya milima ya Udzungwa, mkulima huingia matopeni pekupeku wakati wa masika, na wakati wa kiangazi hukanyaga udongo mkavu uliopasuka. Nyayo zake aghalabu huwa na sugu na magaga. Je, hayo ni maradhi?

Kwa kawaida sivyo. Ngozi inayokandamizwa au kusuguliwa mara kwa mara huongeza tabaka la seli zilizokufa, zilizojaa protini ngumu iitwayo keratini. Hiyo ndiyo sugu. Mkandamizo ukiwa mahali padogo, kama vile kidole kinapobanwa na kiatu, sugu hufanya kiini chenye ncha inayoelekea ndani, nacho huuma. Magaga hutokea kwa sababu kisigino hutanuka kila kinapobeba uzito wa mwili; ngozi nene iliyokauka haiwezi kutanuka, hivyo hupasuka.

Sugu isiyo na madhara huwa ya manjano, kavu na yenye rangi moja, na mwenyewe huhisi inapobonyezwa. Huloweshwa kwa maji, husuguliwa taratibu kwa jiwe, kisha hupakwa mafuta ingali na unyevu.

Hatari huanza mishipa ya fahamu inapokufa, kama inavyotokea katika ukoma na kisukari. Tuchukue mkulima mwenye ganzi ya mguu kutokana na ukoma. Mtu mwenye hisia huchechemea nyayo inapouma, na kwa kufanya hivyo huipumzisha. Mkulima huyu haumwi, kwa hiyo hukanyaga pale pale siku nzima. Sugu iliyo chini ya kidole gumba huwa kama kokoto: kila hatua huibana nyama laini dhidi ya mfupa. Nyama hiyo huvuja damu, kisha hufa, na usaha hukusanyika chini ya ngozi ambayo kwa juu yaonekana nzima.

Dalili zake ni doa jeusi au jekundu katikati ya sugu, unyevu, harufu, au joto kuliko mguu wa pili. Kukosa maumivu hakuthibitishi usalama. Mtu afumbe macho, na mwenzake amguse kwa wepesi ncha za kidole gumba, cha kati na cha mwisho katika kila mguu. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mishipa yake ina hitilafu.

Mtu wa namna hiyo asijikate kwa wembe wala asipake dawa ya kuchoma sugu. Mganga wa zahanati huondoa ngozi iliyokufa ili kidonda kionekane na usaha utoke, kisha mguu hupumzishwa usibebe uzito. Wekundu ukipanda mguuni, au homa ikianza, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla uambukizo haujafika mfupani.