Unasogeza Mbele au Unamzungusha Mteja?

Wadau, leo tuongelee ile meseji ambayo umeshaisoma, ukajua ina maneno, ukaishikilia kwa kidole na kubonyeza "Mark as unread" ili uijibu baadae. Wote tunaifanya. Kwenye simu ya muuza duka la mtandaoni ile nukta ya kijani ndo daftari letu la kazi viporo.

Kwanza ujue kitu kimoja, maana kuna watu wanajidanganya hapa. Ukirudisha meseji kuwa haijasomwa, inakuwa hivyo kwako tu. Kama umeruhusu tiki za bluu, kwa mteja zimeshatokea na hazirudi nyuma. Yeye anajua umesoma, anajua na saa uliyosoma. Kwa hiyo unavyojiambia "bado sijamjibu", yeye anaona "amesoma akaninyamazia". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa sisemi kusogeza kazi mbele ni kosa. Duka la mtu mmoja haliwezi kujibu kila kitu papo hapo, na kuna majibu ambayo ukiyatoa mapema unamdanganya mteja. Shida ni kwamba kusogeza kwa haki na kumzungusha mtu vinafanana sana ukivitazama kwenye skrini. Zote ni nukta ileile. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Dada anauza viatu vya kike, yuko Dar. Mteja wa Mbeya kalipia 35,000 kiatu namba 39, na nauli ya mzigo kwenye basi 5,000 kaitoa mwenyewe. Jumatatu asubuhi mzigo unafika, ndani kuna 38. Mteja anapiga picha ya soli namba ionekane, anaandika: "Dada habari, nimepata mzigo ila umeniwekea 38 na mimi nilisema 39." Dada anakagua stoo, 39 ya rangi ile hana. Anampigia muuza jumla wa Kariakoo, anaambiwa mzigo mpya unashuka Alhamisi.

Hapo kusogeza mpaka Alhamisi ni halali kabisa. Angalia kwa nini. Kuna kitu nje ya uwezo wake kinachosubiriwa, kina siku yake, na siku hiyo ikifika hali itakuwa imebadilika: kiatu kitakuwepo au hakitakuwepo. Ukitaka kujipima jiulize hivyohivyo tu, kati ya leo na siku ninayoisogezea, ni nini kitabadilika? Kama jibu ni "mzigo utashuka" au "fundi atamaliza" au "mteja atalipwa mshahara", sawa. Kama jibu ni "labda nitakuwa na moyo wa kuishughulikia", basi husubiri kitu, unamkwepa mtu.

Lakini uhalali wa Alhamisi hautoshi kama dada ameuweka kichwani mwake peke yake. Ni lazima mteja aujue. Tena kabla ya kumpa siku yako muulize siku yake: viatu anavitaka kwa ajili ya lini? Hili swali wengi hatuulizi. Huyu mteja akijibu "send-ofu ya mdogo wangu ni Jumamosi", hesabu nzima inabadilika. Mzigo ukishuka Alhamisi na ukapakiwa jioni hiyohiyo, Ijumaa anachukua, anawahi. Ukichelewa siku moja tu, 39 haina kazi tena kwake. Kumbe Alhamisi ndo siku ya mwisho, hakuna nafasi ya kuisogeza tena. Angekuwa anavitaka vya kuendea kazini, wiki mbili zingepita bila shida.

Kwa hiyo jibu la Jumatatu liwe hivi, na linaandikika kwa dakika mbili: "Pole sana dada, kosa ni langu. 39 sina sasa hivi, mzigo unashuka Alhamisi. Nikiipata nakupakilia jioni hiyohiyo uwahi Jumamosi, nauli juu yangu. Alhamisi saa 8 mchana nakuandikia, imepatikana au haijapatikana. Ikikosekana nakurudishia hela yako. Hiyo 38 usiivae, itunze na boksi lake." Ona limebeba nini: sababu, siku, saa, na nini kitatokea mambo yakikwama. Lile neno "imepatikana au haijapatikana" ndo lenye uzito, maana dada amejifunga kuandika hata kama habari ni mbaya.

Alhamisi inafika, muuza jumla anasema mzigo umekwama, labda Jumamosi. Hapa ndo njia inapogawanyika, na ndo pale wengi tunapoharibu. Dada mmoja saa 8 anaandika kwamba imeshindikana, anaanza mazungumzo ya kurudisha hela. Mwingine anasema moyoni "ngoja nisubiri Jumamosi nimpe jibu lenye uhakika". Maneno mazuri hayo, jibu lenye uhakika. Ila ukichunguza, Jumamosi ni siku ya send-ofu yenyewe. Hakuna jibu la Jumamosi litakalomfaa yule mteja. Kiatu kimeshatoka kwenye hoja, na kinachosogezwa sasa ni aibu.

Mara nyingi ukichimba unakuta kilichomzuia dada tangu mwanzo wala si kiatu, ni hela. Tupige hesabu. Kiatu alikinunua 26,000, akauza 35,000, faida 9,000. Kubadilisha namba kunahitaji nauli ya 38 kurudi 5,000 na nauli ya 39 kwenda 5,000, jumla 10,000. Faida yote imeenda na 1,000 juu. Akirudisha hela yote ndo mbaya zaidi: anatoa 35,000, nauli aliyolipa mteja 5,000, na nauli ya kurudisha mzigo 5,000. Hiyo ni 45,000, anabaki na kiatu alichonunua 26,000 pamoja na ile 40,000 aliyopokea mwanzo ambayo 5,000 yake ilishaenda kwenye basi. Ukitoa hiki na kile, amepoteza 10,000. Si hela nyingi kihivyo, lakini inauma, na mtu akiwa hajaamua nani atabeba hiyo 10,000 anaona bora meseji ikae kwanza. Hajui kwamba anakwepa uamuzi, anadhani anasubiri mzigo.

Ukijigundua hapo, tenganisha hayo mawili. Mzigo usubiri siku yake, ila uamuzi wa nani analipa hauhitaji mzigo wowote. Unaweza kuufanya Jumatatu. Ndo maana kwenye ile meseji ya juu "nauli juu yangu" imewekwa mapema, haikuachwa mpaka Alhamisi.

Na kukaa nayo kuna gharama yake ambayo haionekani haraka. Jumatatu dada alikuwa na njia nyingi. Kwa mfano angemuuliza mteja kama kuna ndugu au rafiki hapohapo Mbeya anayevaa 38, amuuzie kwa 30,000. Mteja anarudishiwa hela zake 40,000, kiatu hakisafiri tena, na dada anapoteza 1,000 tu badala ya 10,000. Ukijumlisha 30,000 ya mnunuzi mpya na 40,000 aliyopokea mwanzo, ukatoa 40,000 ya mteja, 26,000 ya kiatu na 5,000 ya basi la kwanza, utaiona hiyo 1,000. Njia hiyo inafanya kazi kiatu kikiwa kipya na mteja akiwa bado anakupenda. Baada ya wiki mbili za kimya boksi limechanika, risiti ya basi imepotea, na huyo mteja hawezi kukusaidia kuuza hata kandambili. Imebaki njia moja, nayo ndo ya bei kubwa.

Sasa upande wa simu, maana kumbukumbu peke yake haitoshi. Nukta ya kijani haina tarehe. Wateja wapya wakiandika, chati ya Mbeya inashuka chini mpaka huioni, na ukiitupa kwenye "Archived" ndo kabisa, maana kwa mpangilio wa kawaida itabaki humo hata mteja akiandika tena. Watu wengi wanaona kuhifadhi huko ni kupanga meza. Kwa oda iliyokamilika ni sawa. Kwa malalamiko ni kuyafungia kabatini.

WhatsApp Business inakuja na lebo zake kama "New order", "Pending payment" na "Paid". Ni nzuri ila zinakwambia hali ya oda tu, hazikwambii lini uiguse. Mimi nimetengeneza zangu za siku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Programu inaruhusu lebo mpaka 20, kwa hiyo sita hazikubani. Chati ya Mbeya inapata lebo ya Alhamisi. Alhamisi asubuhi kabla sijaposti bidhaa yoyote nafungua lebo ya siku hiyo, naanza na waliomo. Lebo haipigi kelele kama kengele, kwa hiyo kama umeahidi saa, weka na alamu ya simu yenye jina la mteja na kitu ulichoahidi.

Halafu kuna lebo ya saba, nimeiita "Mara ya pili". Chati yoyote ninayoihamisha siku kwa mara ya pili inapata hiyo lebo pia. Ikitaka kuhama mara ya tatu, siihamishi. Nampigia mteja simu siku hiyohiyo, hata kama sina jipya. Mara nyingine sababu ni ya kweli, meli imechelewa au mpakani kuna foleni, na mteja akiielezwa kwa sauti anaelewa. Mara nyingine ukishaanza kuongea unagundua huna sababu ya kumweleza, basi unajua cha kufanya: unarudisha hela.

Kuna ambazo kwangu hazipati hata hiyo siku moja. Aliyelipia mara mbili kwa bahati mbaya, aliyetuma hela akiwa hajui bidhaa imeisha, na anayeuliza mzigo wake uko basi gani. Hapo hakuna mzigo wa Kariakoo wa kusubiri, taarifa zote ziko kwenye simu yako. Ya basi hasa usiilaze, maana mtu anaweza kuwa stendi amesimama na mizigo mingine anasubiri namba ya risiti.

Upande wa pili zipo ambazo unaweza kuzisogeza hata wiki bila dhambi: mtu anayeuliza kama utaleta rangi ya zambarau, anayetaka bei ya jumla ya pea mia na hajawahi kununua hata moja, picha mpya za bidhaa zinazouzika vizuri na picha za zamani. Hao wape jibu fupi kwamba umewaona na lini utarudi kwao, kisha endelea na wenye hela zao mkononi mwako.