Je, wajua? Salio la simu halihifadhiwi, hukokotolewa

Fundi cherehani wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ana faranga 80,000 kwenye pochi ya simu. Anamtumia muuza vitambaa 30,000, na ada ni 500. Njia rahisi ya kuandika programu ya kazi hiyo ni kuweka namba moja mbele ya kila jina, kisha kuifuta na kuandika mpya kila pesa inapotembea: 80,000 inakuwa 49,500. Huduma za pesa za simu kama Lumicash na EcoCash zimewazoesha wakazi wa jiji hili kuisoma namba hiyo kana kwamba ndiyo pesa yenyewe. Lakini namba iliyofutwa haiachi alama. Fundi akilalamika kesho kuwa amekatwa mara mbili, mfumo wa namba moja una salio la sasa tu, na salio haliwezi kueleza limefikaje hapo. Ndiyo maana naamini salio halipaswi kuwa kitu cha kuhifadhiwa kama ukweli wa kwanza. Ukweli ni orodha ya miamala, na salio ni jumla yake.

Orodha hiyo ni leja ya maingizo mawili, njia ya wafanyabiashara wa Venisi iliyoelezwa katika kitabu cha Luca Pacioli mwaka 1494. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba pesa haitokei wala haipotei. Hutoka akaunti moja na kuingia nyingine. Muamala wa fundi unaandikwa mistari mitatu kwa pamoja: pochi yake debiti 30,500, pochi ya muuzaji krediti 30,000, akaunti ya mapato ya ada krediti 500. Debiti zisipolingana na krediti, hifadhidata inakataa muamala wote. Wengi hushangaa kuona pesa ya mteja ikipungua kwa debiti, lakini kwa kampuni pochi ni deni inalodaiwa na mteja, na deni hupungua kwa debiti. Hata fundi anapompa wakala noti ili aweke pesa, akaunti ya benki haiguswi: pochi ya wakala inapungua, ya fundi inaongezeka, na noti zinabaki mkononi mwa wakala. Kiasi chenyewe kiandikwe kwa namba kamili. Faranga ya Burundi haina senti katika kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, ilhali shilingi ya Kenya inazo. Programu iliyozoea kuzidisha kila kiasi kwa mia itageuza ada ya 500 kuwa 50,000.

Kanuni ya pili ni kwamba kilichoandikwa hakiguswi, na haitoshi kuwaachia waandishi wa programu waikumbuke. Hifadhidata yenyewe iwanyime uwezo:

```sql
REVOKE UPDATE, DELETE, TRUNCATE ON maingizo FROM programu;
```

Je, fundi akikosea namba, pesa ikaenda kwa mtu baki? Kosa halifutwi, unaandikwa muamala mpya wa kinyume unaotaja namba ya ule wa kwanza. Hapa leja inalazimisha ukweli usiopendeza uonekane. Aliyepokea 30,000 kimakosa akiwa ameshatumia 20,000, zinarudi 10,000 tu. Kampuni ikiamua kumfidia fundi, ile 20,000 inaingia kwenye akaunti ya madai, na kila mkaguzi ataiona. Katika mfumo wa kufuta namba, mtu angeandika upya salio la fundi, na tofauti hiyo ingebaki imefichika.

Kukatwa mara mbili ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Mtandao unakatika baada ya fundi kubonyeza, jibu halimfikii, simu inatuma ombi tena. Leja itapokea miamala miwili iliyo sahihi kabisa kihesabu, na ulinganifu wa debiti na krediti hautagundua lolote. Dawa ni ufunguo wa pekee unaotengenezwa na simu mara fundi anapothibitisha, na kurudiwa uleule katika kila jaribio. Hifadhidata ikiuona kwa mara ya pili, inarudisha jibu la mwanzo bila kuandika kitu. Maombi mawili tofauti yakifika kwa wakati mmoja, kila moja likitaka 50,000 kutoka kwenye ile 80,000, pochi ifungwe kwanza, salio lisomwe, mistari iandikwe, ndipo ombi la pili liruhusiwe. Bila hivyo yote mawili yatasoma 80,000 na yote mawili yatapita.

Wapinzani husema kujumlisha mistari yote kila mtu anapouliza salio ni polepole, na wana haki. Kwa hiyo salio huwekwa pembeni kama nakala, likisasishwa ndani ya muamala uleule, na kila usiku linakokotolewa upya kutoka kwenye maingizo. Namba hizo mbili zikitofautiana, nakala ndiyo iliyokosea. Pingamizi zito zaidi ni kwamba msimamizi mwenye mamlaka yote bado anaweza kufuta mstari, au kuandika krediti ya uongo inayolingana vizuri na debiti ya benki isiyokuwapo. Kwa la kwanza, kila ingizo hubeba alama ya kihesabu ya lililotangulia, na alama ya mwisho wa siku hupelekwa kwa mkaguzi wa nje, hivyo mstari uliofutwa huvunja mnyororo. La pili leja haiwezi kuligundua peke yake. Jumla ya pochi zote, za mawakala zikiwamo, pamoja na ada ambazo hazijatolewa, ukiondoa kilicho kwenye akaunti ya madai, lazima ilingane na akaunti ya amana iliyoko benki. Kama amana kwa mujibu wa leja ni milioni 400 na taarifa ya benki inaonyesha milioni 398, zile milioni 2 zinatafutwa mstari kwa mstari, kuanzia siku ya mwisho hesabu hizo mbili zilipolingana.